Zile Numero Tatu Nyuma ya Karte

Kama uko na karte ya banki, ikamate mkononi na uigeuze. Nyuma yake, karibu na mahali pa kutia sahihi, utaona numero tatu ndogo zilizoandikwa peke yao. Kwenye interneti zinaitwa CVV au CVC, na kwenye kurasa za Kifaransa utasoma cryptogramme visuel. Karte za American Express ziko na numero nne, nazo zinaandikwa upande wa mbele.

Katika nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi mshahara haufiki tena ndani ya bahasha. Unaingia banki, na mfanyakazi anapewa karte. Karte hiyo inatoa feza kwenye mashini, lakini inaweza pia kulipa vitu vya mbali. Kijana anajiandikisha kwa mtihani wa chuo cha ngambo. Mama anapanga chumba cha hoteli Kinshasa. Fundi anaagiza kipande cha ordinatere. Kila mmoja wao, kabla ya kumaliza, anaombwa zile numero tatu za nyuma.

Watu wengi wanaziandika bila kuuliza ni za kazi gani. Wengine wanapiga foto ya karte, mbele na nyuma, na kuituma kwa mtu wa hoteli wasiyemjua. Basi tujibu maulizo mawili mwezi huu: Numero hizi zinafanya kazi gani? Na juu ya nini muuzaji anakatazwa kuzichunga?

SI KODE YAKO YA SIRI

Kwanza tuondoe fujo moja. Numero tatu za nyuma si ile kode ya siri unayobonyeza kwenye mashini ya kutoa feza. Kode ya siri inakaa kichwani mwako, na haiandikwi popote kwenye karte. Inasema: "Mwenye kubonyeza hapa ni mwenye karte." Muuzaji wa interneti hana ruhusa ya kukuuliza hiyo hata siku moja.

Numero tatu za nyuma zinatoa ushuhuda mwingine. Zinasema: "Mwenye kuandika hapa yuko na karte yenyewe mbele ya macho yake." Ni hilo tu. Hazisemi kama karte ni yake ao ameiokota njiani. Zinasema kwamba hakupata numero ndefu ya mbele kwa kuisoma kwenye karatasi fulani ao katika buku la muuzaji.

Ushuhuda huo ni mdogo, lakini ulikuwa na sababu kubwa. Zamani, duka lilipopokea karte, muuzaji aliilaza ndani ya mashini ya mkono, akaweka karatasi zenye karboni juu yake, akasukuma roli. Numero ndefu, tarehe ya mwisho na jina, ambavyo vilikuwa vimevimba juu ya karte, viligandamizwa kwenye karatasi. Karatasi moja ilibaki kwa muuzaji. Karboni ilitupwa kwenye takataka, na mwizi aliyeiokota alikuwa na yote aliyohitaji ili kuagiza vitu kwa telefone kwa feza za mtu mwingine.

Ndipo kampuni za karte zikaongeza numero ndogo za nyuma. Mastercard ilianza kuzitoa mwaka 1997, American Express ilianza kutumia zake mwaka 1999, na karte za Visa za Amerika zilikuwa nazo kufika mwaka 2001. Angalia namna zilivyoandikwa: ni laini, hazikuvimba. Roli ikipita juu yake, karatasi haikamati kitu. Tena, hazimo ndani ya ule utepe mweusi wa nyuma ya karte. Utepe uko na kode yake nyingine, na ile pastiki ya rangi ya zahabu ya mbele iko na yake pia. Kwa hiyo mwizi akinakili utepe wako kwa mashini ya wizi, hapati zile numero tatu. Ni lazima mtu azione kwa macho.

BANKI INAZIJUA NAMNA GANI?

Unaweza kufikiri kwamba banki iko na buku kubwa lenye numero tatu za kila mtu. Haihitaji buku kama hilo. Banki inazipata kwa hesabu.

Ndani ya banki iliyotoa karte, ao ndani ya kampuni inayofanya kazi hiyo kwa niaba yake, kuna mashini iliyofungwa sana, inayochunga funguo za siri. Funguo hizo si za chuma. Ni numero ndefu ambazo hakuna mfanyakazi anayeziona nzima. Mashini inapewa vitu vitatu: numero ndefu ya karte, tarehe yake ya mwisho, na numero fupi ya huduma, ambayo kwa hesabu hii ni 000. Inavichanganya kwa funguo mbili za siri. Matokeo ni mstari mrefu wa numero na herufi, na mashini inaokota numero tatu kutoka humo kwa utaratibu uliopangwa. Hizo ndizo zinazoandikwa nyuma ya karte.

Kutokana na hayo unaelewa mambo mawili. La kwanza, banki inapotaka kuhakikisha, inafanya hesabu ile ile tena na kulinganisha. La pili, karte yako ikiisha muda na ukapewa nyingine, numero tatu zinabadilika hata kama numero ndefu ya mbele imebaki ile ile, kwa sababu tarehe imebadilika.

Na mwizi hawezi kufanya hesabu hiyo nyumbani? Hapana, kwa sababu hana funguo. Anaweza kubahatisha tu. Kati ya 000 na 999 kuna majibu 1000 yanayowezekana, nayo si mengi. Kwa hiyo banki inapaswa kuhesabu makosa: mtu akikosea mara kadhaa, karte inafungwa.

TUFUATE MALIPO MAMOJA

Tuseme kijana wa Likasi anataka kulipa dola 85 kwa ajili ya mtihani. Kwenye ukurasa anaandika numero ndefu ya karte ya baba yake, tarehe ya mwisho, na zile tatu za nyuma. Anabonyeza "lipa".

Maneno hayo yanatoka kwa muuzaji yakienda kwa kampuni inayomsaidia kupokea malipo. Kutoka hapo yanaingia katika njia za Visa ao Mastercard, na njia hizo zinayafikisha kwenye banki ya baba. Banki inatazama: Je, karte hii iko hai? Je, dola 85 zimo? Kisha inafanya hesabu ya numero tatu. Jibu linarudi kwa njia ile ile, na yote hayo yanachukua sekunde chache.

Pamoja na jibu la malipo kunarudi herufi moja juu ya kode. Herufi M inasema kwamba zimelingana. Herufi N inasema kwamba hazikulingana: labda kijana amesoma 8 mahali pa 3, ao labda mwenye kuandika hana karte. Muuzaji akiona N anaweza kukataa kuuza, na mara nyingi banki yenyewe imekwisha kukataa.

Sasa tazama vizuri mahali tulipofika. Muuzaji amepata M. Ushuhuda umekwisha kutolewa na umekwisha kusikiwa. Numero tatu zilikuwa na kazi moja tu, nayo imemalizika. Ni hapa sheria inaingia.

SHERIA INASEMA NINI

Kampuni tano za karte, yaani Visa, Mastercard, American Express, Discover na JCB, ziliunda baraza moja mwaka 2006 kwa kusimamia usalama wa malipo. Sheria zao zinajulikana kwa jina la PCI DSS, na chapa yake ya kwanza ilitoka Desemba 2004. Si sheria ya serikali. Ni masharti ya mapatano: muuzaji anayetaka kupokea karte anayakubali kupitia banki yake. Akiyavunja, anaweza kulipishwa faini ao kunyimwa ruhusa ya kupokea karte.

Juu ya numero ndefu ya mbele, sheria inasema: unaweza kuichunga kama uko na sababu ya kazi, lakini uifiche vizuri. Juu ya numero tatu za nyuma ni kali zaidi. Banki ikiisha kujibu, muuzaji hana ruhusa ya kuzichunga. Hata kama amezifungia kwa maandiko ya siri, hapana. Hata kama mnunuzi mwenyewe amesema, "Zichunge tu, nimekubali," hapana. Banki iliyotoa karte peke yake ndiyo iko na nafasi katika jambo hilo, kwa sababu ndiyo inayohakikisha.

Tena sheria haisemi juu ya ordinatere tu. Fomu ya karatasi iliyoandikwa numero tatu inaingia humo: malipo yakiisha, sehemu hiyo inapaswa kuharibiwa. Sauti ya telefone iliyorekodiwa wakati mteja anataja numero inaingia. Foto ya karte inayolala ndani ya telefone ya mtu wa mapokezi inaingia vilevile.

Juu ya nini ukali huu? Rudi kwenye ushuhuda. Numero tatu zinasema, "Karte iko mbele yangu." Siku muuzaji anapoziandika katika buku lake kando ya numero ndefu, neno hilo linakuwa uongo. Tangu siku hiyo, mtu yeyote anayelifungua buku anaweza kutoa ushuhuda wa karte ambayo hajaiona hata siku moja. Ni sawa na mtu anayefunga mlango kwa kufuli, halafu anatundika ufunguo kwenye msumari ule ule. Tena anayeumia ni zaidi ya mteja mmoja. Wauzaji wote wengine wanaotegemea kode ile wanadanganywa nayo, kwa sababu mwizi atakwenda kununua kwao, siyo kwa muuzaji yule aliyezembea.

Lakini msomaji fulani atauliza: "Mbona kampuni ya filamu inanikata feza kila mwezi, na haniulizi tena zile numero? Si inazichunga?" Hapana. Numero tatu zilitumika mara ya kwanza tu, ulipojiandikisha. Baadaye muuzaji anachunga numero ya mbele, ao vizuri zaidi anachunga jetoni, yaani numero ya badala inayofanya kazi kwake tu. Kila mwezi anaiambia banki: "Haya ni malipo ya mapatano yale ya kwanza." Banki inakubali bila kode. Kwa hiyo hata muuzaji wa namna hiyo hana udhuru wa kusema, "Ninazichunga kwa sababu ninazihitaji."

MAMBO MAWILI YALIYOTOKEA ULAYA

Tuone tofauti kwa mifano miwili.

Katika Novemba 2020, watafiti wa usalama wa interneti walitangaza habari ya kampuni moja ya Hispania, Prestige Software. Kampuni hiyo ilikuwa inaunganisha hoteli na kurasa kubwa za kupanga vyumba. Ghala lake la maandiko kwenye interneti lilikuwa limeachwa wazi, bila kufungwa sawasawa. Ndani yake mlikuwa majina ya wageni wa hoteli, numero za karte, tarehe za mwisho na zile numero tatu, na maandiko mengine yalikuwa ya tangu mwaka 2013. Watafiti hawakuthibitisha kwamba wezi waliingia kabla yao. Lakini fikiri juu ya mgeni aliyelala usiku mmoja katika hoteli na kusahau safari yote. Miaka ikapita, na numero zake bado zilikuwa zinalala ndani ya ghala lisilofungwa.

Mfano wa pili ni wa kampuni ya ndege British Airways, mwaka 2018. Wezi waliingia ndani ya mashini zake kwa jina la siri la mfanyakazi wa kampuni nyingine iliyokuwa inamhudumia. Walifika mpaka kwenye ukurasa wa malipo, wakaongeza mistari michache ya maandiko. Tangu tarehe 21 Agosti mpaka tarehe 5 Septemba, kila mara mteja alipoandika karte yake, nakala ya maandiko yake ilikwenda kwa wezi kimya kimya. Malipo yenyewe yalipita vizuri, hakuna aliyeshuku kitu. Baraza la Uingereza linalosimamia habari za watu lilisema kwamba inadhaniwa wateja 244,000 walichukuliwa jina, makao, numero ya karte na zile numero tatu. Katika Oktoba 2020 kampuni ililipishwa faini ya paundi milioni 20.

Hapa kuna mafundisho mawili, na yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja. Sheria ya kutochunga haikuzuia wizi huu wa kwenye ukurasa wa malipo. Wezi walisimama mlangoni na kukamata numero zilipokuwa zinaandikwa. Huo ndio mpaka wa sheria: haimlindi mtu wakati anapoandika. Lakini angalia pia wakati. Wezi wa mlangoni waliwapata wale waliopita katika siku kumi na tano zile. Aliyelipa mwezi wa tano hakupoteza numero zake tatu mlangoni hapo. Ghala la hoteli, kama wezi wangelifikia, lingewapa wageni wa miaka saba kwa mara moja. Kitu kisichochungwa hakiwezi kuibwa kesho.

Kwa sababu ya mpaka huo, banki nyingi zimeongeza kizuizi kingine: unapolipa, unapata ujumbe kwenye telefone wenye kode ya mara moja, ao unaombwa kukubali ndani ya programu ya banki. Kode ile inakufa baada ya dakika chache, kwa hiyo mwenye kuiiba leo hawezi kuitumia kesho. Lakini wako wauzaji ambao hawaulizi kode hiyo, na wengine hawaulizi hata numero tatu. Usifikiri basi kwamba mwizi asiye nazo hana njia kabisa.

UTAJUA NAMNA GANI?

Muuzaji mzuri anaonyesha kwamba hachungi. Ukirudi kununua kwake mara ya pili, anaweza kukuonyesha numero nne za mwisho za karte yako, lakini anakuomba uandike tena zile tatu. Usikasirike. Anakuuliza kwa sababu alizifuta. Na risiti yake, iwe ya karatasi ao ya interneti, haina numero tatu hizo hata mara moja.

Kinyume chake, uwe na mashaka ukisikia maneno kama haya: "Papa, tuma tu foto ya karte, mbele na nyuma, tutakuwekea chumba." Foto hiyo itabaki ndani ya telefone yake, na ndani ya yako pia. Mwombe anwani ya ukurasa wa malipo ili uandike mwenyewe, ao ulipe ukifika. Ni vilevile na fomu ya karatasi yenye nafasi ya kuandika numero tatu ili ikae ndani ya faili: acha nafasi hiyo wazi. Na mtu wa biro akikuambia kwa telefone, "Usisumbuke, kode yako tuko nayo tangu mwaka jana," amekwisha kukiri mwenyewe kwamba anavunja sheria.

Akikupigia mtu anayejiita wa banki, akikuuliza numero tatu "ili tuhakikishe karte yako", kata telefone. Banki inazipata kwa hesabu yake, kama tulivyoona. Haihitaji kinywa chako.

Na kama umekwisha kuzituma kwa mtu usiyemwamini? Kufuta foto kwenye telefone yako hakusaidii, maana yake bado iko. Huwezi kubadilisha numero tatu peke yake kwa kuziomba. Piga telefone kwa banki, sema kwamba maandiko yote ya karte yako mikononi mwa mwingine, uombe ile ifungwe na upewe nyingine. Kisha soma orodha ya malipo yako kwa wiki zinazofuata. Tazama hata malipo madogo ya dola 1 ao 2 usiyoyajua, maana mara nyingi mwizi anaanza kwa kujaribu kidogo kama karte iko hai.

Baba ao mama anayempa mtoto karte ili alipe mtihani, amwonyeshe jambo hili mwanzoni: numero tatu zinaandikwa kwenye ukurasa wa malipo. Hazitumwi kwa ujumbe, hazisomwi kwa sauti ndani ya biro ya interneti mbele ya watu, na haziandikwi kwenye kidaftari cha mtu yeyote.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Numero tatu za nyuma ya karte zinashuhudia nini? Na ni jambo gani ambalo haziwezi kulishuhudia?

2. Kama muuzaji anasema, "Nimezifungia vizuri kwa maandiko ya siri," juu ya nini sheria bado inamkatalia?

3. Tazameni pamoja ndani ya telefone za nyumba yenu: iko foto ya karte ya banki iliyotumwa kwa mtu? Ilikwenda kwa nani, na karte ile ingali hai?